"Kesho asubuhi" ya nani?

"Kaka yuko Toronto, aliandika atapiga kesho asubuhi saa tatu, nimekaa na simu Jumamosi asubuhi nzima kimya, eti anasema alipiga Ijumaa. Nani kakosea?"

Hakuna aliyekosea dada, ni hilo neno kesho. Mwezi huu wa saba Toronto wako nyuma yetu masaa 7. Tuseme alituma Alhamisi saa 12 jioni yake, hapa Dodoma ilikuwa tayari saa 7 usiku, Ijumaa imeshaingia na wewe umelala. Ukaamka ukasoma, kesho ukahesabu Jumamosi, wakati yeye kesho yake ni hiyohiyo Ijumaa, na saa tatu asubuhi yake kwetu ni saa 10 jioni, pengine ulikuwa sokoni Majengo simu iko kwenye pochi.

Kinachochanganya zaidi ni simu yenyewe, maana saa ya meseji inaigeuza kuwa ya kwako, utaona 01:00, ila maneno aliyoandika inayaacha vilevile. Na angesema "usiku huu saa 3" ingekuwa alfajiri yako saa 10!

Mwambie aandike jina la siku na saa ya upande mmoja, mfano "Ijumaa saa 10 jioni ya Dodoma, 16:00". Usiku mkubwa mimi huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", maana "Ijumaa usiku" mwingine anaelewa baada ya magharibi. Halafu Novemba wenzetu wanarudisha saa nyuma, sisi hatugusi, tofauti inakuwa 8.