Miungu mingi, kisha mmoja?

"Jirani yangu Mhindu ana picha za Ganesha, Lakshmi na Shiva nyumbani, lakini anasema Mungu ni mmoja. Inakuwaje?"

Ndugu yangu, jirani hakudanganyi. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, andiko la kale kabla ya Kristo, Shakalya anamuuliza mwanazuoni Yajnavalkya: miungu ni mingapi? Anajibiwa 3,306. Sawa, lakini hasa ni mingapi? 33. Anazidi kumbana: 6, 3, 2, mmoja na nusu, mwishowe mmoja, pumzi ya uhai, yaani Brahman, uhalisi mmoja wa juu ulio msingi wa vyote.

Angalia kwamba Yajnavalkya haikani hesabu ya kwanza. Anaeleza kuwa yale maelfu ni nguvu za ile 33. Mimi naona ufunguo uko hapo: wingi ni wa sura na kazi. Mwanafunzi anayemwomba Ganesha kabla ya mtihani anamwendea Mungu kama mwondoa vikwazo.

Ila usidhani Wahindu wote wanaeleza hivyo. Wafuasi wa Madhva, mwalimu wa karne ya 13, wanashikilia kuwa Vishnu ndiye mkuu, na miungu mingine iko kweli, ni tofauti naye na inamtegemea. Muulize jirani anafuata mafundisho yapi.