Nimeteuliwa mfilisi, mamlaka ya kodi imeleta makadirio makubwa: niuze mali au nisubiri?

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Nimeteuliwa kuwa mfilisi wa kampuni ya uchapaji ambayo wanahisa wameamua kuifunga. Mnunuzi wa mtambo yupo na ana haraka, wafanyakazi na wasambazaji wanapiga simu kila siku. Mamlaka ya kodi nayo inadai milioni 31, nyingi zikiwa za kukadiria. Je, niuze na kuwalipa watu kwanza, halafu ya kodi niyamalize wakati wa kuomba hati ya mamlaka kwamba kampuni haidaiwi kodi?"

Jibu: Ndugu, kuuza kunaweza kuwezekana mapema. Kugawa fedha kabla deni la kodi halijajulikana, hapana. Ukigawa, deni hilo linaweza kukufuata wewe binafsi.

Anza na barua ya taarifa. Sheria nyingi za kodi humpa mfilisi muda mfupi sana wa kuijulisha mamlaka kuwa ameteuliwa: Kenya ni siku 15, Tanzania ni siku 14. Barua itaje jina la kampuni na namba yake ya mlipakodi, tarehe ya uteuzi na anwani yako, na uambatanishe nakala ya azimio au amri iliyokuteua. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa, maana siku za mamlaka kukujibu huhesabiwa kuanzia hapo. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya 2015, kwa mfano, kamishna ana miezi miwili ya kukuambia kiasi cha kodi kinachodaiwa au kitakachodaiwa. Kabla hajakujibu au miezi hiyo kuisha, huruhusiwi kuuza mali bila idhini yake. Kwa hiyo kama mnunuzi wako hawezi kusubiri, omba idhini ya mauzo hayo ndani ya barua hiyohiyo. Weka bei, ripoti ya mthamini, na ahadi kwamba fedha zitabaki kwenye akaunti ya ufilisi. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa, kwa sababu fedha benki ni salama kwa mamlaka kuliko mtambo unaochakaa.

Mamlaka ikishakutajia kiasi, unatakiwa kukitenga kutoka kwenye mapato ya mauzo. Gharama halali za ufilisi na madeni ambayo sheria imeyatanguliza mbele ya kodi unaweza kuendelea kuyalipa. Usipotenga, utawajibika kwa fedha zako mwenyewe hadi kiasi ulichopaswa kutenga, na kujitetea kwamba wasambazaji walikusumbua hakutakusaidia.

Sasa hiyo milioni 31. Usiikubali wala usiipuuze. Itenganishe kwanza. Tuseme milioni 5 ni kodi ya mishahara iliyokatwa kwa wafanyakazi na haikupelekwa, na milioni 26 ni makadirio ya kodi ya mapato kwa miaka miwili ambayo kampuni haikuwasilisha ritani. Ile milioni 5 haina mjadala, kwa sababu ni fedha za watu zilizoshikwa kwa niaba ya serikali, na sheria nyingi huzipa kipaumbele. Milioni 26 ni suala jingine kabisa. Ofisa alikadiria kwa sababu hakuwa na hesabu mbele yake, na hesabu unazo wewe. Fuata taarifa za benki na ankara, andaa ritani mbili zilizokosekana, uziwasilishe pamoja na pingamizi la maandishi. Angalia tarehe ya notisi ya makadirio kabla ya kitu kingine chochote: Kenya na Tanzania pingamizi lina siku 30, na zikipita utakuwa unaomba kuongezewa muda badala ya kujadili hesabu.

Tuchukulie ritani zinaonyesha hasara mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kodi ya milioni 3 na adhabu ya milioni 1. Makadirio ya 26 yanakuwa 4. Ona punguzo hilo linavyogusa wadai wengine. Benki mna milioni 4. Mtambo umeuzwa milioni 40, na juu yake umetoza kodi ya ongezeko la thamani, tuseme kwa asilimia 18, yaani milioni 7.2. Hiyo milioni 7.2 usiihesabu kama mali ya wadai. Imezaliwa baada ya uteuzi wako, hivyo inalipwa kamili na kwa wakati, kama gharama ya ufilisi. Zinabaki milioni 44. Toa gharama nyingine za ufilisi milioni 6, mishahara ya nyuma milioni 7 na ile kodi ya mishahara milioni 5, unabaki na milioni 26.

Wasambazaji wanadai milioni 48. Mahali ambapo kodi ya mapato ni deni la kawaida lisilo na kipaumbele, madeni yanakuwa 52, na kila mdai anapata nusu ya anachodai. Wasambazaji wanachukua milioni 24. Kama ungeyaacha makadirio yasimame, madeni yangekuwa 74, na wao wangeambulia karibu milioni 16.9. Ndiyo maana nasema kuandaa ritani za zamani ni kazi yako kwa wadai wote, hata kama kosa lilikuwa la wakurugenzi. Usijali kuingiza gharama ya mhasibu kwenye gharama za ufilisi, italipika.

Jambo ambalo wengi huliharakisha ni kufuta usajili wa kodi ya ongezeko la thamani. Usiufute hadi mali ya mwisho, hata gari bovu na samani, iwe imeuzwa. Wasilisha ritani za kipindi cha ufilisi pia, hata zikiwa sifuri, kwa sababu mfumo ukikosa ritani hutoza adhabu, na adhabu hizo ndizo hukwamisha hati mwishoni. Kama mtambo umeuzwa kwa bei inayozidi thamani iliyobaki kwenye hesabu za kodi, tofauti hiyo ni mapato ya kipindi hiki na ina ritani yake.

Hati yenyewe ya mamlaka ya kodi iombe baada ya ritani ya mwisho na kabla ya mgao wa mwisho. Isome kwa makini. Hati ya kawaida inayotumika kuombea zabuni husema tu kwamba mlipakodi yuko sawa leo, nawe unahitaji barua inayotaja kuwa kampuni inafungwa, aina za kodi zilizokaguliwa, hadi tarehe ipi, na kwamba hakuna ukaguzi unaosubiri.

Katika mfano wetu mamlaka haijalipwa milioni 2 kati ya ile 4, kwa hiyo haiwezi kuandika kwamba haidai chochote. Usikwame hapo. Peleka hesabu ya mwisho ya ufilisi inayoonyesha kila mdai wa daraja lake amepata nusu, uombe barua ya kutokuwa na pingamizi kampuni kufutwa. Ukishaipata, lipa mgao wa mwisho na upeleke hesabu kwa msajili wa kampuni. Vitabu vyote vihifadhi kwa muda ambao sheria ya kodi inadai, maana palipokuwa na udanganyifu wa wakurugenzi mamlaka inaweza kufungua tena faili, na utakapoulizwa ulilipa nani na kwa nini, nyaraka ndizo zitakazokujibia.