Taa ya chaji inayopepesa rangi ya chungwa

"Nikiichomeka kompyuta yangu mpakato kwenye chaja ya kuazima, taa inapepesa rangi ya chungwa badala ya kutulia. Je, betri imekufa?"

Ndugu, usiihukumu betri mapema. Rangi ya chungwa iliyotulia kwa kawaida huonyesha kwamba betri inajaa. Inapopepesa, mara nyingi ni dalili kwamba chaji imekaribia kwisha, betri ina hitilafu, au chaja haitoshi, ingawa kila mtengenezaji ana mpangilio wake na mwongozo wa modeli yako ndio wenye kauli ya mwisho.

Mimi ningeishuku chaja kwanza. Soma maandishi madogo ya chaja zote mbili, mbele ya neno "Output", kisha zidisha volti kwa ampea: 20V na 3.25A ni wati 65, ilhali 20V na 2.25A ni wati 45 tu. Chaja hiyo dhaifu huweza kuijaza betri polepole kompyuta ikiwa imezimwa, lakini ukifanya kazi nzito utaona asilimia zikishuka japokuwa waya umechomekwa.

Taa ikiendelea kupepesa hata kwa chaja halisi, betri ndiyo ipimwe. Na ukiona imevimba, acha kabisa kuichaji.