Ujumbe wa kwanza kwa Mjerumani usiyemjua: maswali yenu

Nataka kumwandikia mhandisi wa umeme wa jua aliyeko Freiburg. Hatufahamiani. Rasimu yangu ya Kiswahili ina salamu mistari mitatu, na anayenitafsiria anasema tuzikate zote. Huo si utovu wa adabu? (Fundi, Mwanza)

Ndugu fundi, rasimu yako nimeisoma. Inaanza na "Shikamoo Dokta", inamwombea afya yeye na familia yake, inaomba radhi kwa usumbufu, na kumwambia "mimi ni kijana wako". Mwisho inasema: "Naomba tuwe tunawasiliana ili unipe mwongozo." Kwa mtu mzima wa Mwanza, barua hiyo imetimia. Mjerumani asiyekujua atafika mwisho akiwa na maswali mawili: mwongozo wa nini, na utamchukulia muda gani? Asipopata jibu, ataanza kuhisi kwamba unachotaka ni fedha au mwaliko wa viza, ila hujasema tu. Na ukimuulizia familia ilhali hamjawahi kuonana, atashangaa umeingiaje humo.

Anayekutafsiria anakosea akizikata salamu halafu akaishia hapo. Heshima uliyoiweka kwenye salamu inabidi ihamie mahali ambapo Mjerumani huitazamia. Cheo na jina la ukoo viandikwe sawasawa. Ombi liwe moja, lenye mipaka. Kitenzi cha kuombea kiwe katika hali ya upole, na mwisho umwachie mwenzako nafasi ya kukataa bila kuona aibu. Ulinieleza kuwa ulimsikia akitoa mada kuhusu vumbi kwenye paneli, na kwamba paneli zenu hushuka nguvu wakati wa kiangazi. Basi hiyo ndiyo hoja yako. Jina lake nimeliandika N.:

> Sehr geehrte Frau Dr. N.,
>
> ich bin Solartechniker in Mwanza, Tansania, und habe Ihren Vortrag über Staub auf Solarmodulen gehört. Unsere Anlagen verlieren in der Trockenzeit spürbar an Leistung. Dürfte ich Ihnen dazu zwei Fragen per E-Mail stellen? Falls es zeitlich nicht passt, habe ich dafür selbstverständlich Verständnis.
>
> Mit freundlichen Grüßen

Yaani: mimi ni fundi wa umeme wa jua Mwanza, nilisikia mada yako, mitambo yetu inapoteza nguvu kiangazi, je, naweza kukuuliza maswali mawili kwa barua pepe? Kama muda hauruhusu, nitaelewa kabisa. "Samahani kwa kukusumbua" yako haikupotea, imo kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Unyenyekevu wa "naomba" umebebwa na "Dürfte ich". Mtu akikuandikia hapo "Ich will", mrudishie kazi yake, kwa sababu hiyo ni "nataka" kavu.

Yapo mambo mawili madogo ambayo msomaji wa huko huyaona mara moja. Baada ya jina kuna mkato, kwa hiyo "ich" inayofuata huanza kwa herufi ndogo, na simu yako itajaribu kuikuza. Na baada ya "Grüßen" hakuna mkato, unashuka mstari na kuandika jina lako.

Ukitumia ombi la kuunganishwa la LinkedIn, nafasi ya maelezo ni finyu, na maneno ya Kijerumani ni marefu. Toa sentensi ya kupotea kwa nguvu na ile ya mwisho. Ombi lenyewe usiliguse.

Mjerumani ninayetaka kumwandikia ameweka picha akicheka kwenye wasifu wake na anaandika kirafiki sana. Nimwite kwa jina la kwanza na kutumia "du", ile "wewe" ya kirafiki? (Mwanafunzi, Nairobi)

Hapana, anza na "Sie", ile "wewe" ya heshima. Kucheka kwenye picha si ruhusa. "Du" hutolewa na aliye juu, kwa umri au kwa cheo, na dalili yake utaiona kwenye jibu: akikuita kwa jina lako la kwanza na kuandika "dir" au "du", mfuate. Akiandika "Ihnen", baki ulipo. Inapofaa kuanza na "du" ni pale kampuni yenyewe inapoongea hivyo na watu kwenye tovuti na matangazo yake ya kazi, kama zifanyavyo nyingi changa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kutafsiri. Kiswahili chetu kina "wewe" mmoja kwa rafiki na kwa profesa, kwa hiyo ukitafsiri sentensi mojamoja, ujumbe unaweza kuanza na "Sie" na kumalizia na "dein". Kosa hilo ni baya kuliko kuchagua vibaya, kwa kuwa linaonyesha hukusoma ulichotuma. Kabla ya kutuma, tafuta "du", "dir", "dich" na "dein" ndani ya maandishi yako.

Bosi wangu ni Mjerumani. Kanipa sentensi tatu nimtafsirie kwenda kwa mkurugenzi wa kampuni Dodoma: tunatafuta mshirika wa matengenezo, je, mna "Kapazität", tuma orodha ya bei kufikia Ijumaa. Niongeze maneno ya adabu au niache kama yalivyo? (Katibu, Dar es Salaam)

Dada, ongeza, lakini bosi ajue. Tafsiri ya neno kwa neno ingesema "Je, mna uwezo?", na mkurugenzi angesikia anatiliwa shaka, kumbe bosi anauliza tu kama wana nafasi ya kuchukua kazi nyingine. Ile Ijumaa nayo, kutoka kwa mtu ambaye hata hajajitambulisha, ni amri. Mimi ningeandika:

> Ndugu M., habari za kazi. Naandika kwa niaba ya Bw. K., meneja wa kampuni yetu hapa Dar es Salaam. Tunatafuta mshirika wa kufanya matengenezo ya mitambo ya umeme wa jua Dodoma, na tungependa kujua kama kampuni yenu ina nafasi ya kazi hiyo. Tunaomba pia orodha ya bei. Tukiipata kufikia Ijumaa itatusaidia kupanga. Asante.

Kama kuna aliyewapa namba yake, mtaje mapema baada ya kumwomba ruhusa, maana hapo ndipo mkurugenzi ataanzia kuwapima. Kama hayupo, usimzue. Usimwekee bosi shikamoo wala kuulizia watoto, kwa sababu siku wakikutana atatakiwa kuendelea na mazoea ambayo hakuyaanzisha.

Mweleze bosi pia kuhusu jibu. "Tumepokea, karibu sana, tutawasiliana" ni mlango uliofunguliwa tu, bado si ndiyo. Asianze kupanga ratiba. Siku inayofuata piga simu, na bei uiulizie humo.

Nimemwandikia mtu Hamburg, wiki mbili kimya. Nimkumbushe? (Mhasibu, Arusha)

Mkumbushe mara moja. Jibu juu ya ujumbe uleule ili asitafute, andika sentensi mbili, na usiulize kwa nini hakujibu. Ukipata jibu la kiotomatiki lenye neno "Abwesenheit", yuko likizo au safarini, na tarehe ya kurudi huwa imeandikwa humo. Subiri ipite, mpe siku chache za kupunguza barua zilizojaa, ndipo uandike. Asipojibu hapo, achana naye na umwandikie mwingine wa idara ileile, bila kumtaja wa kwanza.