Kigimbi kimoja kimevimba baada ya safari ya basi? Acha kukichua, nenda hospitali leo

Juzi msomaji mmoja wa Manyoni kaniandikia: "Shikamoo dada. Nilienda kujifungulia kwa mama Bukoba, nimerudi na basi wiki iliyopita, mtoto ana mwezi na siku. Kigimbi cha kulia kimevimba, nikikanyaga kinauma. Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto kila jioni lakini hakishuki. Tuendelee?"

Hapana, msiendelee. Sikungoja hata kumaliza mshono niliokuwa nao mashineni, nikampigia simu na kumwambia achukue bajaji aende hospitali ya wilaya asubuhi ile ile. Mnaonisoma siku nyingi mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, wala sijasomea uuguzi. Lakini kwa jambo hili nina haki ya kupaza sauti, maana damu iliganda mguuni mwangu mwenyewe.

Nilikuwa natoka Mwanza, msibani. Siti ya dirishani, mama wa watu kalala begani kwangu, furushi miguuni. Tangu Shinyanga hadi Singida sikunyanyuka. Wanawake mnaelewa: hunywi maji, ili usije kuhangaika gari likisimama kuchimba dawa. Tulipoingia Dodoma usiku miguu yote miwili ilikuwa imejaa, viatu havivuliki. Hilo halikunishtua, na wewe lisikushtue. Miguu ikijaa yote sawa, kwenye vifundo, kisha ukalala ukaamka imepungua, huo mara nyingi ni uchovu wa kukaa.

Kilichofuata ndicho kilikuwa kigeni. Mguu wa kulia ulirudi hali yake, wa kushoto ukagoma. Siku chache baadaye kigimbi kikawa kama msuli uliobana usiku, ila huu haukuachia kukicha. Ngozi yangu ni nyeusi, kwa hiyo ule wekundu wanaousema vitabuni sikuuona. Niliujua kwa kugusa kwa mgongo wa mkono, kushoto kuna moto, kulia hakuna.

Wifi yangu akaleta mafuta anichue. Nikakataa, siyo kwa elimu yoyote, ilikuwa inauma tu. Nikaenda zahanati. Kijana aliyenipokea hakuinua hata sketi yangu aone mguu. Akasema, "Mama, umri na safari," akaniandikia diklofenaki. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma. Diklofenaki hupunguza maumivu, ila haiyeyushi bonge la damu wala haizuii lisikue. Unatulia huku ugonjwa unaendelea.

Nyumbani nikachukua tepu yangu ya kazi. Sijui nani alinituma, labda ni mazoea ya kupima watu. Nilipima mzunguko wa kigimbi inchi 4 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, miguu yote miwili pale pale. Kulia inchi 14 na robo. Kushoto 16 kasoro robo. Suruali ya mteja ikipishana inchi na nusu mguu kwa mguu, anairudisha! Nikaenda hospitali ya rufaa na karatasi yangu ya vipimo.

Daktari aliisoma ile karatasi akaacha kuandika. Akaniambia kwamba wao pia hupima hapo hapo, sentimita 10 chini ya kinundu, na tofauti ikizidi sentimita 3 wanaihesabu kuwa dalili mojawapo ya damu kuganda kwenye mshipa wa ndani. Yangu ilikaribia 4. Kiburi changu nilikipata siku hiyo, msinilaumu. Ila alinionya, na mimi nawaonya: tepu ikionyesha miguu iko sawa isikutulize kama kigimbi kimoja kinauma bila sababu. Bonge linaweza kuwepo na uvimbe haujaja. Na lile jaribio la kukunja unyayo juu uone kama kigimbi kitauma, ambalo jirani yangu aliapa nalo, halithibitishi wala halikanushi kitu.

Akaniuliza kama nilifanyiwa upasuaji karibuni, kama nimejifungua, kama nina saratani, kama ndugu yangu yeyote amewahi kuganda damu, na natumia dawa gani. Nikataja vidonge vya majira. Akatikisa kichwa. Vile vyenye homoni ya estrojeni huifanya damu iwe rahisi kuganda, na mimi nikaviongezea saa nyingi za kukaa. Misuli ya kigimbi ndiyo inayosukuma damu kupanda kurudi moyoni; usipoitumia, damu inatuama. Mwanamke aliyejifungua naye damu yake inakuwa tayari kuganda, hasa wiki sita za mwanzo. Ndiyo maana ujumbe wa Manyoni ulinitoa jasho.

Kipimo chenyewe ni ultrasaundi ya mguu, hakiumi. Anayepima anakandamiza mshipa kwa kile kifaa. Mshipa mzima unabonyea hadi unafungika. Wenye bonge haufungiki. Wangu wa nyuma ya goti ulikataa kufungika, nikauona kwenye kioo.

Nikachomwa sindano ya enoksaparini siku hiyo hiyo, kipimo kwa uzito wangu, kisha nikapewa vidonge vya rivaroksabani vya miezi mitatu, baada ya kupimwa damu na figo. Msikimbilie duka la dawa kuvinunua wenyewe. Dawa hizi zinazuia damu isigande, kwa hiyo zinaweza kukutoa damu vibaya. Na vidonge vya majira nikabadilishiwa njia.

Sasa niseme kwa ukali kidogo. Akina mama wakwe, mawifi, mashemeji, tunawapenda, lakini mguu mmoja uliovimba hauchuliwi wala haukandwi. Bonge likimeguka linapanda na damu, linapita moyoni, linakwenda kuziba mishipa ya mapafu. Mtu anaanza kukosa pumzi ghafla, kifua kinamchoma akivuta hewa, moyo unaenda mbio, wengine wanakohoa damu au wanazimia. Hapo hamna tena cha kungoja kesho wala kumpandisha bodaboda, tafuteni gari mara moja. Wapo wanaofariki bila kupata muda wa kueleza. Na msiseme safari ilishapita. Bonge linaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye.

Ukifika mapokezi usiseme tu "mguu unauma", utawekwa benchi. Sema: "Nilisafiri saa nyingi kwa basi, mguu mmoja umevimba, naogopa damu imeganda." Taja na dawa zako. Kama hapo hawana ultrasaundi, uliza kama unaweza kuanzishiwa sindano wakati unasubiri kupelekwa kwingine, maana daktari akiona dalili ni nzito anaweza kuanza kabla ya picha.

Yule wa Manyoni alinipigia jioni. Amechomwa sindano ya kwanza na kesho analetwa Dodoma kwa picha. Alikuwa analia kwa sababu ya mtoto, anadhani atamwachisha ziwa. Nikamwambia amweleze kila daktari atakayemwona kwamba ananyonyesha: vidonge nilivyotumia mimi kwa kawaida hawampi anayenyonyesha, lakini zile sindano hazimzuii, na vidonge vya wafarini, navyo vya kuzuia damu isigande, pia vipo. Mtoto aje naye.