Msalaba wa kijani pekee hautoshi

"Wakuu, nataka kutambua picha imepigwa nchi gani, na ina duka lenye msalaba wa kijani. Niseme ni Ufaransa?"

Usiseme bado, mkuu. Msalaba huo uko hata hapa Mwanjelwa, Mbeya. Unakwambia tu kwamba ni duka la dawa. Kuza picha usome maandishi. "DUKA LA DAWA MUHIMU" ni Tanzania, na simu ya mezani ikianza na 025 uko Mbeya au mikoa jirani, 026 inaelekea Iringa au Dodoma. Herufi A nyekundu yenye nyoka ni Ujerumani, E nyekundu ni Uturuki. Hilali ya kijani pamoja na "Pharmacie" na Kiarabu, anza na Moroko. Hilali nyekundu ni alama ya huduma ya misaada inayolindwa na Mikataba ya Geneva, basi usiifanye ushahidi wa duka.