Delta Moja kwa Wote: Nilivyojifunza Kuandika Uthibitisho wa Hesabu kwa Kikorea

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Arusha. Amepata udhamini wa serikali ya Korea, yuko kwenye ule mwaka wa kwanza wa lugha, na mwakani anaanza shahada ya uzamili ya hesabu. Ameandika hivi: "Kaka, lugha naiweza, hesabu naiweza, lakini nikitafsiri uthibitisho kwenda Kikorea, wenyeji wanasoma kisha wananiangalia tu. Nakosea wapi?"

Mdogo wangu, nimekusoma nikakaa kimya kama dakika kumi, maana umenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi.

Muhula wangu wa kwanza chuoni, mjini Daejeon huku Korea, nilipangiwa kuwasilisha nadharia moja kwenye semina ya wanafunzi. Nilichagua ile isemayo kwamba fanksheni yenye mwendelezo kwenye kipande kilichofungwa [a,b] ina mwendelezo sawia, yaani ukitaka f(x) na f(y) zitofautiane kwa chini ya kiasi ε, epsiloni, upo umbali mmoja δ, delta, ambao x na y zikikaribiana chini yake inatosha, popote zilipo. Nilikuwa nayo kwa Kiingereza tangu Dar es Salaam na uthibitisho wake niliujua usingizini. Nikautafsiri kwa Kikorea usiku kucha, sentensi kwa sentensi, nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Sikufika hata mstari wa nne. Mwanafunzi mmoja aliyenitangulia miaka mitatu aliinua mkono akauliza: "Hiyo delta ni moja kwa x wote, au kila x ina delta yake?" Nikajibu ni moja kwa wote, ndiyo maana ya mwendelezo sawia. Akasema: "Sivyo ulivyoandika." Kisha akamgeukia mwenzake akasema kitu kuhusu Kikorea cha tamthilia, wakacheka. Profesa hakucheka, lakini pia hakunitetea. Aliniambia nikae, nirudi wiki ijayo.

Sijasahau kile kicheko. Lakini yule bwana alikuwa sahihi, na ilinichukua wiki nzima kuona kwa nini.

Sentensi yangu ilikuwa hii:

모든 x, y에 대하여 |x-y|<δ이면 |f(x)-f(y)|<ε을 만족시키는 양수 δ가 존재한다.

Kwa Kiswahili tunasema "ipo delta ambayo, kwa kila x na y...". Kitenzi kinatangulia, delta inatajwa, halafu ndipo tunaieleza. Kikorea kinageuza: maelezo yote ya nomino hukaa mbele yake, na kitenzi hufunga sentensi. Kwa hiyo niliyatanguliza maelezo yote, nikaweka δ baada yake, nikafunga na 존재한다, yaani "ipo". Kisarufi hakuna kosa, hata mwalimu wangu wa lugha angeniwekea alama ya vema. Tatizo ni kwamba maneno 모든 x, y에 대하여, "kwa kila x na y", yakikaa mwanzoni kabisa yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Yanaweza kuwa sehemu ya maelezo ya delta, kama nilivyokusudia. Au yanaweza kutawala sentensi nzima: kwa kila x na y, ipo delta. Msomaji hana namna ya kujua, na wengi husoma ile ya pili kwa sababu ndiyo wanayokutana nayo kwanza.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Chukua f(x)=x² kwenye mstari wote wa namba, uweke ε=1. Ukiwa kwenye x=100, delta lazima iwe chini ya 0.005. Ukienda x=1000, lazima ishuke chini ya 0.0005. Kila x inapata delta yake, kwa hiyo fanksheni ina mwendelezo kila mahali, lakini hakuna delta moja inayowatosha wote, kwa hiyo haina mwendelezo sawia. Sentensi yangu ya ubaoni, ikisomwa kwa namna ile ya pili, inakubali x² bila shida. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikidai ninathibitisha jambo moja huku nimeandika jingine.

Dawa yake niliipata kwenye vitabu vya uchambuzi vya mwaka wa kwanza vilivyoandikwa na Wakorea wenyewe. Nilikaa navyo maktaba nikinakili ufafanuzi huu tu, kitabu baada ya kitabu, na wengi walitumia umbo lilelile:

임의의 양수 ε에 대하여 양수 δ가 존재하여, |x-y|<δ인 모든 x, y∈[a,b]에 대하여 |f(x)-f(y)|<ε이 성립한다.

Tazama neno 존재하여, linasomeka "jonjehayo". Ni kitenzi kilekile cha "kuwepo", lakini hakijafunga sentensi. Kiambishi 하여 kinaiacha wazi iendelee: "ipo delta, na kwa hiyo...". Hapo delta imeshatajwa kabla ya x na y, na sentensi inakwenda kwa mpangilio uleule wa alama za hesabu: kila ε, ipo δ, kila x na y. Mwishoni kuna 성립한다, "inashikilia", ndicho kitenzi kinachofunga. Ukiniuliza jambo moja la kubeba kutoka ukurasa huu, ni hili. Usiifiche delta mwishoni mwa sentensi. Itaje, iache wazi kwa 하여, kisha endelea.

Sasa nikuonyeshe uthibitisho wenyewe, maana kila kiungo kina neno lake na hayo maneno hayabadilishwi kwa hisia za siku.

Kichwa kinaandikwa 정리, yaani nadharia, kisha: 함수 f가 닫힌구간 [a,b]에서 연속이면 f는 [a,b]에서 균등연속이다. Hapo 연속 ni mwendelezo, 균등연속 ni mwendelezo sawia. Kile 이면 ndicho "ikiwa", kinakaa kwenye mkia wa sharti. Mimi kwenye rasimu ya kwanza niliandika 연속이므로, yaani "kwa kuwa ina mwendelezo". Mkia umebadilika kidogo tu, maana imegeuka kabisa: 이면 inaweka sharti, 이므로 inadai jambo limeshathibitika au limekubaliwa. Kwenye tamko la nadharia ni 이면. Ndani ya uthibitisho, pale unapotumia sharti lile, ndipo 이므로 inapata kazi.

Uthibitisho unaanza kwa kukanusha: f가 [a,b]에서 균등연속이 아니라고 가정하자. "Tuchukulie kwamba haina mwendelezo sawia." Hapa 하자 husomeka "haja", na kila nikiiona moyo wangu unacheka kidogo, maana kweli ndiyo haja yenyewe inayotajwa. Mstari unaofuata ndio ulioniangusha mara ya pili, kwa sababu kukanusha kunageuza "kila" kuwa "ipo" na "ipo" kuwa "kila":

그러면 어떤 양수 ε이 존재하여, 임의의 자연수 n에 대하여 |x_n-y_n|<1/n이고 |f(x_n)-f(y_n)|≥ε인 [a,b]의 점 x_n, y_n이 존재한다.

Epsiloni fulani imetangulia na 존재하여, imeachwa wazi. Kisha n yoyote. Kisha x_n na y_n mwishoni na 존재한다, na safari hii mwisho ni mahali pake halali kwa sababu kweli zinategemea n. Angalia pia 어떤 na 임의의. La kwanza ni "fulani", la pili ni "yoyote". Kamusi ya Kiingereza inaweza kukupa neno moja kwa yote mawili na utaangamia. Fikiri kwa Kiswahili, "fulani" na "yoyote" havijawahi kutuchanganya.

Yaliyobaki ni mepesi. 볼차노-바이어슈트라스 정리에 의하여, "kwa nadharia ya Bolzano na Weierstrass", ndani ya mfuatano x_n upo mfuatano mdogo unaokaribia nukta c iliyomo ndani ya [a,b]. Kwa kuwa umbali ni chini ya 1/n_k, y nazo zinakaribia c. Na 이므로 sasa inaingia mahali pake: f가 c에서 연속이므로, kwa kuwa f ina mwendelezo kwenye c, tofauti ya thamani mbili inakwenda sifuri. Lakini tulisema haishuki chini ya ε. 이는 모순이다, "huu ni mkinzano". Neno 모순, "mosun", limeundwa na mkuki na ngao: mfanyabiashara wa kale wa Kichina aliuza mkuki unaotoboa ngao yoyote pamoja na ngao isiyotoboka kwa mkuki wowote. Mwishoni, 따라서 f는 [a,b]에서 균등연속이다. "Kwa hiyo", na umemaliza.

Wiki ile nilirudi ubaoni. Niliandika yote hayo, na hakuna mkono ulioinuliwa mpaka mwisho. Yule aliyecheka alikuja baadaye akanionyesha kosa moja tu: nilikuwa nimeandika n가 badala ya n이. Kiambishi cha mtenda huchaguliwa kwa sauti ya mwisho ya neno, na sisi herufi hiyo tunaisoma "eni", inaisha kwa irabu, mkono ukaandika 가. Mkorea anaisoma "en", inaisha kwa konsonanti, kwa hiyo ni 이. Vilevile ε ni "epsillon" kwa hiyo 이, na δ ni "delta" kwa hiyo 가. Soma kila alama kwa sauti ya Kikorea kabla ya kuandika kiambishi.

Sasa nikuambie ukweli, mdogo wangu, na wengine mnaosoma hapa. Mnapenda kujifunza Kikorea cha kuongea, na darasani mnasifiwa kwa 요 na 습니다 na 니까. Kwenye uthibitisho hayo yote yaacheni mlangoni. Sentensi zinafungwa kwa 다 kavu, au 자 pale unapochukulia jambo, sababu ni 이므로 na siyo 니까, na "sisi" ya "sasa tunaona kwamba" inaondolewa kabisa. Msitafute visawe vya kupendezesha. Ukianza na 균등연속 usihamie 고른연속 ukurasa wa pili kwa sababu umeliona kitabu kingine. Yote mawili yanatumika, lakini msomaji atadhani ni dhana mbili. Chama cha Hesabu cha Korea, 대한수학회, kina orodha yake ya istilahi, fungueni hiyo kabla ya kamusi ya simu. Na tena narudia, msifiche delta mwishoni.

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Mkorea, mzaliwa wa Busan, alikuja kuomba daftari langu la uchambuzi. Alisema anaelewa kwa urahisi "nani anategemea nani". Nilimpa, nikajifungia bafuni nikalia kidogo.

Dada wa Arusha, chukua ufafanuzi wa mfuatano kukaribia kikomo, ule wa ε na N. Uandike kwa 존재하여, kisha uandike ukanusho wake chini. Nitumie picha ya ukurasa huo, nitaupitia kwa kalamu nyekundu.